Mkaratusi na Kikohozi: Kwa Nini Mafuta na Maji Yake Mazito Hayapaswi Kunywewa

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta baridi kali katika wilaya za Nyanda za Juu Kusini, na pamoja na baridi hiyo huja mafua na kikohozi. Katika wilaya kama Mufindi na Njombe, mti ulio karibu na kila kaya ni mkaratusi. Umepandwa kwa ajili ya nguzo za umeme, mbao, kuni na mkaa, na harufu ya majani yake hufungua pua iliyoziba. Si ajabu basi kwamba mtu akikohoa, mkono wa kwanza huelekea kwenye tawi la mkaratusi au kwenye kichupa cha mafuta yake kinachouzwa dukani na mnadani.

Kuvuta harufu ya mkaratusi ni jambo moja, na kuyameza mafuta yake ni jambo lingine kabisa. Mafuta hayo yakiingia tumboni ni sumu inayofanya kazi upesi, na dalili yake kubwa, yaani usingizi mzito, hufanana na nafuu. Mzazi huona mtoto ametulia na kikohozi kimekoma, akaamini kwamba dawa imefanya kazi. Somo hili linaeleza sumu hiyo inavyotenda, jinsi ya kuitambua, na hatua za kuchukua mtu anapokuwa amekwisha kumeza.

Kilichomo ndani ya jani

Jani la mkaratusi lina vifuko vidogo vya mafuta. Ukilinyanyua jani dhidi ya mwanga wa jua, utaviona kama vitone vinavyopenyeza nuru. Mafuta hayo hutolewa kwa kuyachemsha majani kwa mvuke na kuupoza mvuke huo hadi mafuta yajitenge na maji. Kichupa kidogo cha mafuta, kwa hiyo, ni mkusanyiko wa kilichokuwemo katika kilo kadhaa za majani.

Sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa kama dawa ni kemikali iitwayo sineoli, ambayo kwa kawaida hufikia asilimia 70 au zaidi. Sineoli ndiyo inayotoa ile harufu kali inayopoza pua. Ndiyo pia inayoleta madhara mtu anapoimeza kwa wingi.

Sineoli haikai tumboni kwa muda mrefu. Hufyonzwa haraka, huingia kwenye damu, na kwa kuwa huyeyuka kwa urahisi katika mafuta, hupenya upesi hadi kwenye ubongo, ambao una mafuta mengi. Huko huzipunguza nguvu sehemu zinazomfanya mtu awe macho, asimame wima na apumue kwa mpangilio. Kwa baadhi ya watu, hasa watoto, huleta kinyume chake: ubongo huchochewa kupita kiasi na degedege hutokea. Mwili huiondoa sumu hii kwa msaada wa ini, na sehemu yake hutoka kwa pumzi. Ndiyo maana pumzi ya aliyemeza mafuta haya hunuka mkaratusi waziwazi, na harufu hiyo ni ushahidi mzuri pale ambapo hakuna aliyeona kilichomezwa.

Njia ya pili ya madhara ni mapafu. Mafuta ya mkaratusi ni mepesi na huteleza. Mtoto anayekohoa, kulia au kutapika wakati wa kunyweshwa hupaliwa kwa urahisi, na matone machache yakiingia kwenye njia ya hewa huunguza mapafu na kuleta homa ya mapafu. Madhara haya yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati watu wa nyumbani wanadhani hatari imekwisha kupita.

Kijiko kimoja cha chai

Kijiko cha chai hubeba takriban mililita 5. Kwa dawa nyingi za maji za watoto, kiasi hicho ni dozi ya kawaida, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wengi: mzazi hupima mafuta ya mkaratusi kwa kijiko kilekile. Kwa mtoto mdogo, mililita 2 au 3 zinaweza kumfanya asinzie na kuyumba, na mililita 5 zinaweza kumpotezea fahamu. Kichupa cha mililita 30 kina vijiko 6 vya aina hiyo.

Nchini Australia, ambako ndiko asili ya miti mingi ya jamii hii, madaktari wa hospitali ya watoto mjini Melbourne walichapisha mwaka 1995 taarifa ya watoto waliolazwa baada ya kumeza mafuta hayo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na dalili za sumu. Baadhi ya walioathirika walikuwa wanasinzia, na wachache walipoteza fahamu kabisa, wengi wao baada ya kumeza kati ya mililita 5 na 10 tu.

Watu wazima nao hawako salama. Wapo waliomeza mengi wakapona baada ya matibabu, na wapo waliofariki baada ya kumeza mililita 30 au pungufu. Tofauti hiyo kati ya mtu na mtu ndiyo inayozuia kuweka kipimo cha nyumbani cha kunywa. Anayechanganya mafuta haya na pombe kali, kama wafanyavyo baadhi ya watu wenye mafua, huongeza hatari, kwa kuwa pombe nayo hupunguza nguvu za ubongo na upumuaji. Mwenye kifafa anaweza kupatwa na degedege kwa kiasi ambacho kwa mwingine kingeleta kizunguzungu tu.

Mfano wa usiku mmoja

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha mwendo wa kawaida wa sumu hii, saa kwa saa. Mtoto ana umri wa miaka 3 na uzito wa kilo 13. Amekohoa kwa siku mbili, lakini anakula na kucheza.

Saa 2:00 usiku mama anampa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kilichochanganywa na asali. Asali haipunguzi sumu. Inaficha ukali wake tu. Dakika chache baadaye mtoto anashika koo, analia na kukohoa kwa nguvu, kwa sababu mafuta yanaunguza kinywa na koo. Saa 2:15 anatapika mara moja. Saa 2:25 anajaribu kusimama lakini anayumba kama mlevi na kushika ukuta.

Saa 2:35 mtoto amelala. Kikohozi kimekoma. Bibi yake anasema, "Mwache apumzike, mama, dawa imemkolea." Kauli hiyo ni ya upendo, na kwa dawa nyingine huenda ingekuwa sahihi. Lakini mtoto mwenye mafua anayelala usingizi wa kawaida hushtuka akiguswa, hugeuka, hulalamika akiitwa jina lake. Huyu hafanyi hivyo. Mama anamwita, anamtikisa bega, anamfinya kidogo sikio, naye anaguna tu. Pumzi yake inanuka mkaratusi, inakwenda polepole na kwa kukoroma. Mama anapofunua kope kwa mwanga wa tochi anaona mboni za macho zimekuwa ndogo mno.

Kikohozi kimekoma kwa sababu ubongo umelegea kiasi cha kutokohoa tena. Kukohoa ni kinga: ndiko kunakozuia mate na matapishi yasiingie mapafuni. Mtoto huyu ameipoteza kinga hiyo akiwa na tumbo linaloweza kutapika tena wakati wowote.

Saa 2:50 familia inaondoka kwa pikipiki. Mama amemkumbatia mtoto huku amemgeuza upande, kichwa kikielekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Kichupa kimefungwa kwenye kanga. Katika kituo cha afya, swali la kwanza la tabibu ni hili: "Mama, amekunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi?" Kichupa kinajibu swali la kwanza, na kijiko kinajibu la pili.

Hakuna dawa maalumu inayoifuta sumu ya mkaratusi mwilini. Kazi ya wahudumu ni kumlinda mtoto hadi mwili wake uiondoe wenyewe. Njia yake ya hewa inafunguliwa na kusafishwa, anapewa oksijeni, sukari yake ya damu inapimwa, na pumzi zake zinahesabiwa kila mara. Degedege ikitokea, dawa ya kuituliza ipo tayari. Pumzi zikipungua mno, anasaidiwa kupumua na kupewa rufaa. Alfajiri mtoto anafungua macho na kuomba maji. Haruhusiwi kwenda nyumbani mara moja, kwa kuwa mapafu yake lazima yachunguzwe kwa muda zaidi kama hayakuunguzwa na mafuta alipopaliwa.

Kati ya kijiko na usingizi ule mzito zilipita dakika 35. Katika sumu hii, dalili huanza mara nyingi ndani ya nusu saa, ingawa zipo zinazochelewa saa kadhaa. Kwa hiyo hata mtoto anayeonekana mzima baada ya kumeza hupaswa kuangaliwa kituoni kwa saa zisizopungua 6.

Maji mazito ya majani

Wapo wanaosema kwamba mafuta ya dukani ndiyo mabaya, lakini majani ya mti wa shambani hayana neno. Ni kweli kwamba maji ya majani huwa na sumu hafifu kuliko mafuta yenyewe. Chai nyepesi ya jani moja haifanani na kijiko cha mafuta. Tatizo ni maji mazito: fungu kubwa la majani lililochemshwa kwa muda mrefu katika sufuria iliyofunikwa, hadi maji yabaki kidogo na rangi iwe ya kahawia.

Majani mabichi ya mkaratusi wenye mafuta mengi hubeba takriban gramu 1 hadi 2 za mafuta katika kila gramu 100. Mtu akichuma gramu 200 za majani, fungu ambalo linatosha sufuria ya kawaida, ameweka katika sufuria hiyo kati ya gramu 2 na 4 za mafuta. Sufuria ikiwa wazi, sehemu kubwa ya mafuta hayo huondoka na mvuke, na ndiyo harufu inayojaa jikoni. Sufuria ikifunikwa, mvuke hugonga kifuniko, hupoa na kudondoka tena ndani pamoja na mafuta yake. Anayefunika "ili dawa isipotee" anaihifadhi sumu bila kujua.

Isitoshe, mafuta hayachanganyiki na maji bali huelea juu. Watu wanne wanaokunywa kutoka sufuria moja hawapati kiasi sawa. Kikombe cha kwanza, kinachochotwa juu, kinaweza kubeba mafuta mengi kuliko vingine vyote, na kwa desturi kikombe cha kwanza hupewa mgonjwa. Mgonjwa akiwa mtoto, na akinyweshwa asubuhi, mchana na jioni, kiasi huongezeka bila mtu yeyote kuweza kukipima.

Vilevile majani hayalingani. Mikaratusi ina spishi nyingi. Aina moja huwa na mafuta mengi, nyingine kidogo, na ile yenye harufu ya limau ina kemikali tofauti. Hata kwenye mti mmoja, jani changa na jani kuukuu hutofautiana. Maji yaliyomfaa jirani kutoka mti wake hayatoi hakika yoyote kuhusu maji yatakayotoka mti mwingine. Mara nyingi madhara ya maji haya huanza kwa kiungulia, kichefuchefu, tumbo kuuma na kuhara, kisha kizunguzungu na kusinzia. Mtu akiona dalili hizo anapaswa kuacha kunywa mara moja, wala asidhani kwamba ugonjwa ndio "unatoka."

Hali hiyohiyo huwapata wanaokunywa maji yaliyobaki kwenye chungu baada ya kujifukiza. Maji ya kufukizia yamepikwa kwa ajili ya pua, na yakishamaliza kazi yake humwagwa mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki. Kujifukiza kwenyewe hakufai kwa watoto wadogo, kwa kuwa chungu cha maji yanayochemka chini ya blanketi kimewaunguza wengi. Wala mafuta yasipakwe puani, mdomoni au usoni kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwani harufu kali inaweza kuifunga njia yake ya hewa ghafla.

Huulizwa pia: mbona pipi za kikohozi zina mkaratusi? Pipi moja ina miligramu chache tu za mafuta hayo, na kiasi hicho kimepimwa kiwandani. Gramu moja ina miligramu 1,000, na kijiko cha chai cha mafuta hubeba zaidi ya gramu 4. Anayekunywa kijiko amemeza kiasi cha pipi mamia kwa mkupuo mmoja.

Mtu akiwa amekwisha kumeza

Jambo la kwanza ni kutomtapisha. Asitiwe kidole kooni, asinyweshwe maji ya chumvi wala ya sabuni. Mafuta yaliyounguza koo wakati wa kushuka yataliunguza tena yakipanda, na mgonjwa anayesinzia atapaliwa. Maziwa na mafuta ya kula navyo visitolewe kama dawa. Haviiondoi sumu na vinaweza kuleta kutapika. Mgonjwa aliye macho asukutue kinywa kwa maji na kuyatema.

Jambo la pili ni kumlaza upande, si chali, na kukaa naye. Aliyelala asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Akipatwa na degedege, vitu vya kumwumiza viondolewe karibu yake, asibanwe, wala asitiwe kijiko mdomoni.

Jambo la tatu ni kumpeleka zahanati au kituo cha afya mara moja, bila kungoja dalili, pamoja na kichupa au majani yaliyotumika. Yeyote aliyempa dawa hiyo aseme ukweli wote: kiasi, saa, na kama aliwahi kumpa kabla. Mhudumu haulizi ili amshtaki mtu. Anauliza kwa sababu matapishi na usingizi wa mtoto vinaweza pia kutokana na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na akikosa taarifa atapoteza muda akitafuta ugonjwa usiokuwapo.

Kikohozi chenyewe

Kikohozi cha mafua ya kawaida huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi mbili. Kinachosaidia ni vinywaji vya uvuguvugu, maziwa ya mama kwa anayenyonya, na kijiko cha asali kwa aliyevuka mwaka mmoja. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Jambo la kuangalia kwa makini ni upumuaji. Mtoto akiwa ametulia, pumzi zake zihesabiwe kwa dakika nzima kwa kutazama kifua au tumbo likipanda. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Idadi hiyo, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, au kushindwa kunyonya na kunywa, huonyesha kwamba huenda ana homa ya mapafu, ambayo huhitaji dawa za kituoni siku hiyohiyo. Mtu wa umri wowote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kila siku inayopita kwa kunywa maji ya mkaratusi ni siku ambayo magonjwa hayo mawili yanaendelea bila kutibiwa.

Kichupa cha mafuta ya mkaratusi kilichopo nyumbani kihifadhiwe mahali pa juu, ndani ya kabati au sanduku linalofungwa, mbali na dawa za kunywa. Mafuta yasihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi, kwa maana ajali nyingi za watoto huanzia hapo. Kaya ambayo imekuwa ikimpa mtoto mafuta au maji hayo kwa kikohozi kisichopona imwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake au ifike zahanati ya kijiji, ili mtoto ahesabiwe pumzi na kupimwa.